Kilele cha mbolea na kosa lake

Mkulima wa mahindi akiongeza mbolea ya naitrojeni, mavuno hupanda, kisha kasi hupungua, mwisho hugeuka na kuanza kushuka. Watafiti huichora tabia hiyo kwa mlinganyo wenye mraba ndani yake, nao swali la kwanza huwa hili: kilele kiko kwenye kilo ngapi?

Tuseme jaribio la shambani limetoa mlinganyo huu, N ikiwa kilo za naitrojeni kwa hekta na Y kilo za mahindi:

```
Y = a + 24 N - 0.12 N^2
```

Namba ya kwanza, 24, ni nguvu ya kilo za mwanzo za mbolea. Ya pili, −0.12, ndiyo inayoupinda mstari. Kilele hupatikana kwa kugawa 24 kwa mara mbili ya 0.12, yaani kilo 100. Jibu limenyooka, ila namba zote mbili ni makadirio. Mvua ingenyesha vingine, au viwanja vingechaguliwa vingine, zingetoka tofauti kidogo. Kipimo cha kuyumba huko huitwa kosa sanifu. Kwa 24 tuseme ni 3, na kwa −0.12 ni 0.03. Kompyuta huyatoa hayo yote mawili bila kuombwa. Kosa la zile kilo 100 haliko kwenye jedwali, kwa sababu kilele ni mgawanyo wa namba mbili zinazoyumba.

Hapo ndipo njia ya delta inapoingia. Huuliza: nikiisukuma namba moja kidogo, kilele kitasogea kiasi gani? Kila 24 inapoongezeka kwa 1, kilele husogea mbele kwa kilo 4.17 hivi. Kwa kuwa kosa lake ni 3, mchango wake ni kilo 12.5. Namba ya mraba ikisogea kwa 0.01 kuelekea sifuri, kilele husogea mbele kwa kilo 8.3. Kosa lake ni 0.03, hivyo mchango wake ni kilo 25. Makosa hayajumlishwi hivi hivi, hujumlishwa miraba yake: 156.25 na 625 hufanya 781.25, ambayo kipeo chake cha pili ni karibu 28.

Wengi huishia hapo, nao wamekosea. Namba zile mbili zimekadiriwa kutoka viwanja vilevile, kwa hiyo huyumba kwa kufuatana. Sampuli inayoonyesha mwinuko mkali mwanzoni kwa kawaida huonyesha pia mpindo mkali. Mwinuko unakisukuma kilele mbele, mpindo unakirudisha nyuma. Tukichukua uhusiano wa −0.9 kati yake, tunatoa 2 × 0.9 × 12.5 × 25, yaani 562.5. Inabaki 218.75, na kosa sanifu la kilele ni kilo 14.8 tu, karibu nusu ya lile la mwanzo. Kwenye Stata kazi yote ni mstari mmoja:

```
nlcom -_b[N]/(2*_b[N2])
```

Tukizidisha 14.8 kwa 1.96, tunapata kwamba kilele kiko kati ya kilo 71 na 129. Mimi ningesita kuyaamini masafa hayo, hasa kwa jinsi yalivyolingana pande zote mbili. Jaribu mwenyewe: iache 24 ilipo, kisha isogeze −0.12 kwa kosa moja. Ikiwa −0.15, kilele kinarudi kilo 80. Ikiwa −0.09, kinaruka hadi 133. Upande mmoja ni kilo 20, mwingine 33, ilhali njia ya delta ilihesabu 25 pande zote. Imeuchukulia mkunjo kama mstari ulionyooka, jambo linalokubalika kwa hatua ndogo tu.

Mwanatakwimu Mwingereza Edgar Fieller alionyesha njia nyingine ya kuupima mgawanyo. Badala ya kukikadiria kilele kisha kukiwekea kosa, hukusanya kila kiwango cha mbolea ambacho data haziwezi kukikataa kuwa kilele. Kwa namba zetu zilezile, inatoa kilo 80 hadi 155. Ukingo wa chini umepanda kidogo, ule wa juu umekimbia mbali.

Dalili ya kutazama ni namba ya mraba ikigawanywa kwa kosa lake. Hapa ni 4, na tofauti tayari inaonekana. Ikishuka chini ya 2 hivi, hesabu ya Fieller hukosa ukingo kabisa upande mmoja au pande zote mbili, kwa kuwa data hazina hakika hata kama mstari unapinda. Njia ya delta haitashtuka. Itakuandikia kosa sanifu kama kawaida, nawe utalichapisha.

Tena angalia mbolea iliyowekwa kweli. Ikiwa hakuna kiwanja kilichopata zaidi ya kilo 120, basi sehemu ya kati ya 120 na 155 imetokana na umbo la mlinganyo peke yake, wala hakuna mhindi uliowahi kuota huko.