Kushuka Kitonga na tani 56: breki ipi inakulipa?

Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mikumi, huku chini wilayani Kilosa, ni kama mita 500. Lori linalotoka Zambia au Kongo na shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam lazima literemke tofauti hiyo yote, na sehemu kubwa ya kazi iko Kitonga, kwenye kona zilizobanwa kati ya ukuta wa mwamba na bonde. Baada ya Ruaha Mbuyuni bado kuna vilima vya Iyovi kabla ya kuingia Mikumi. Ndiyo maana mtu anayenunua lori la mtumba kwa ajili ya njia hii anapaswa kuuliza kuhusu breki kabla ya kuuliza nguvu za farasi. Injini inayopanda haraka itamwokolea dakika. Uwezo wa kushuka ndio utakaoamua ananunua lainingi mara ngapi kwa mwaka, na kama gari litafika.

Tuanze na ukubwa wa mzigo wenyewe. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56 kwa gari la ekseli saba, yaani kichwa na trela pamoja na mzigo. Tuchukue mteremko wa kilomita 8 unaoshuka mita 6 katika kila mita 100. Gari hilo likifika chini litakuwa limeshuka mita 480, na nishati iliyoachiliwa na uzito wake lazima igeuke joto mahali fulani. Dereva akitegemea breki ya mguu peke yake, mahali hapo ni kwenye dramu 14. Tuseme kila dramu ina kilo 50 za chuma. Joto lote likiingia humo bila kupoa, kila dramu ingepanda kwa zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi. Upepo na msuguano wa matairi hupunguza kiasi, lakini lainingi nyingi huanza kupoteza nguvu ya kushika mapema sana kabla ya kufika huko.

Hapo ndipo breki "hupotea", na mara nyingi hakuna kilichovunjika. Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na lainingi, hivyo shafti inayosukuma breki hulazimika kwenda mbali zaidi hadi inafika mwisho wake. Lainingi yenyewe imeshaanza kuteleza. Dereva anakanyaga mara kwa mara, kila akikanyaga upepo unatoka kwenye matangi, na kompresa haiwahi kuujaza. Dalili huja mapema kwa anayezitafuta: pedeli inahitaji kukanyagwa zaidi kuliko kona iliyopita ili kupata kasi ileile, harufu ya kuungua inaingia kabini, na kwenye kioo moshi mwepesi unaonekana kwenye magurudumu ya trela. Akiona moja tu kati ya hizo, asimame palipo salama akiwa bado anaweza kusimama.

Breki ya injini hupeleka joto hilo kwingine. Kuna aina tatu anazokutana nazo mnunuzi wa Tanzania, na zinatofautiana sana kwa nguvu na kwa gharama.

Ya kwanza ni eksozi breki. Ni kilango kwenye bomba la moshi kinachofungwa kwa upepo. Injini inabaki inasukuma hewa kwenye njia iliyozibwa, na kazi hiyo inazuia magurudumu. Ni rahisi kutengeneza, na magari mengi ya mtumba yanayo. Ya pili ni ile ambayo valvu za eksozi hufunguliwa kidogo pistoni ikiwa imeshabana hewa, nguvu ya hewa hiyo ikatoka nje badala ya kuisukuma pistoni irudi. Hii ndiyo madereva wengi wanayoiita breki ya injini hasa, na kwa injini ya ukubwa uleule huweza kukaribia mara mbili ya nguvu ya eksozi breki. Ya tatu ni ritada, kifaa kinachofungwa kwenye giaboksi, ambamo mafuta yanasukumwa dhidi ya bawa linalozunguka pamoja na propela, kisha joto lake linapelekwa kwenye maji ya rejeta.

Sasa turudi kwenye tani zetu 56. Ukitoa msuguano wa matairi, kulishikilia gari hilo kwenye mteremko wetu bila kugusa breki ya mguu kunahitaji takriban kilowati 160 kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa. Kwa kilomita 30 zinahitajika karibu 240, na kwa kilomita 40 ni zaidi ya 320. Eksozi breki nzuri ya injini ya lita 12 au 13 hutoa kati ya kilowati 150 na 200, lakini injini ikiwa inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Ikizunguka mara 1,400 tu, nguvu inashuka sana. Kwa hiyo eksozi breki inaweza kulishusha gari hili Kitonga, ila ni kwa mwendo wa kilomita 20 na gia ndogo. Breki ya valvu, au ritada iliyo nzima ikisaidiana na eksozi breki, italishusha kwa 30 bila wasiwasi.

Tofauti ya muda ni nini? Kilomita 8 kwa mwendo wa 20 ni dakika 24. Kwa mwendo wa 30 ni dakika 16. Mwenye gari aliyeahidiwa kwamba ritada "itamwokolea muda" ajue ni dakika nane hizo, kama hatakuta foleni nyuma ya lori jingine, na Kitonga foleni ni jambo la kawaida.

Pesa kubwa iko kwenye lainingi na dramu. Nitumie namba za mfano, wewe weka za risiti zako. Tuseme kubadilisha lainingi za gari zima pamoja na ufundi ni shilingi 1,500,000. Dereva anayeshuka kwa mguu anamaliza seti mbili kwa mwaka, na kila mwaka dramu mbili zinapasuka kwa joto, tuseme 700,000 kwa zote. Hiyo ni 3,700,000 kwa mwaka. Dereva wa gari lilelile anayetumia eksozi breki na gia sahihi akatumia seti moja kwa mwaka mmoja na nusu, gharama yake ni milioni moja. Basi hata kama kufufua eksozi breki iliyokwama, pamoja na kilango kipya na silinda yake ya upepo, kutamgharimu 800,000, amezirudisha ndani ya miezi minne.

Ritada ina hesabu nyingine. Ukiambiwa lori lenye ritada ni milioni nane zaidi ya lenzake lisilo nayo, kumbuka kwamba akiba kubwa ya lainingi umeshaipata kwa eksozi breki. Ritada inakuongezea labda laki kadhaa kwa mwaka, na miaka mingi itapita kabla hujarudisha nane. Kwa maoni yangu, mwenye gari moja au mawili anayeshuka Kitonga na mzigo kila wiki atafute gari lenye breki ya valvu kutoka kiwandani. Ritada aichukue ikiwa imekuja na gari kwa bei ileile na ni nzima. Kuifunga kwenye gari lisilokuwa nayo ni gharama nisiyoweza kuitetea.

Anayefanya kazi ndani ya wilaya, kubeba mkonge wa Kimamba au mahindi kati ya Kilosa na Dumila kwa lori la ekseli tatu, hahitaji yote hayo. Tani 25 kwenye mteremko kama ule, kwa kilomita 25 kwa saa, zinahitaji kilowati 90 hivi. Injini ndogo yenye eksozi breki inaukaribia mzigo huo, na gia moja chini inamalizia.

Kuna imani moja inayokula pesa kimyakimya: kuachia gari "fri" kwenye mteremko ili kuokoa dizeli. Kwenye injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hufunga dizeli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini lazima ichome dizeli ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka fri anatumia mafuta zaidi ya anayeshuka na gia, na juu yake anapoteza breki ya injini yote. Pia gia hiyo huenda asiipate tena: gari likishakimbia, giaboksi haitakubali gia ndogo, naye atabaki nyutro na mguu mmoja.

Ndiyo sababu gia huchaguliwa juu, kabla ya kona ya kwanza. Punguza mwendo pale pakiwa bado tambarare, ingiza gia itakayouweka mshale wa mizunguko kwenye eneo la breki ya injini (Volvo huliwekea rangi ya buluu), ndipo uwashe swichi. Mwendo ukianza kupanda, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu mpaka upungue kilomita 8 au 10, kisha achia kabisa dramu zipumue. Kuuacha mguu juu ya pedeli kidogo kidogo kwa dakika 20 ndiko kunakopika lainingi. Usiache mizunguko ipite alama nyekundu, kwa sababu magurudumu yanapoisukuma injini hakuna gavana inayoweza kuizuia.

Kitu kimoja wauzaji hawakitaji: aina zote tatu zinashika magurudumu ya nyuma ya kichwa peke yake. Trela halisaidiwi. Mvua ikinyesha na trela likiwa tupu, breki ya injini ikiwashwa yote ghafla inaweza kuyafunga magurudumu hayo, trela likasukuma na gari likajikunja. Tumia hatua ya kwanza tu ya swichi, au izime na ushuke polepole kwa gia.

Kabla ya kulipa, jaribu gari lenyewe. Kwenye barabara iliyonyooka endesha kilomita 50 kwa saa ukiwa kwenye gia, toa mguu na uwashe breki ya injini. Unapaswa kuhisi mwili unasogea mbele na kusikia mlio wa moshi ukibadilika. Mlio usipobadilika, huenda kilango cha eksozi kimegandishwa na masizi au gasketi inavuja. Kama injini inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi hata swichi ikiwa imezimwa, huenda kilango kimekwama kikiwa kimefungwa. Kwa ritada, fungua kifuniko cha maji injini ikiwa baridi: mafuta yakielea juu, au mafuta ya giaboksi yakiwa na rangi ya maziwa, huenda kipoza chake kimetoboka. Angalia pia kama taa ya onyo huwaka unapofungua swichi kisha ikazima. Isipowaka kabisa, inawezekana mtu ameing'oa ili mnunuzi asiione, na hapo unalipia ritada isiyofanya kazi.