Saa ya Dereva Anapovuka Tunduma

Dereva wa lori, mtu mzima wa kuitwa baba, alinipigia simu akiwa Nakonde, upande wa Zambia. "Mwanangu, programu yenu inaniambia ninywe dawa tena. Mimi nimeshakunywa kule Tunduma, hata saa haijaisha. Ninywe mara mbili?"

Nilimwambia asinywe, kisha nikaenda kutafuta kosa, nikijua fika kwamba ni letu. Programu hiyo kazi yake ni moja tu: kumkumbusha mgonjwa wa shinikizo la damu anywe kidonge chake kila siku saa 2 asubuhi. Hesabu ya kitoto, ungedhani.

Tunduma na Nakonde zimetenganishwa na mpaka tu, lakini Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC na Zambia iko saa 2. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo, saa yake inajirudisha nyuma yenyewe. Siku ile seva ilituma kikumbusho saa 2:00 ya Tanzania. Saa 2:20 lori likavuka, na simu ikasoma saa 1:20. Programu ilipoona simu imehama, ikafuta eneo lililokuwa kwenye wasifu wa baba na kuandika la Zambia. Dakika arobaini baadaye ikafika saa 2:00 kwa mara ya pili asubuhi ileile, na seva, tiifu kama kawaida yake, ikatuma tena.

Safari ya kurudi ndiyo iliyonitisha zaidi, maana yenyewe haina kelele. Mtu akitoka Nakonde saa 1:40 asubuhi, simu inaruka hadi 2:40. Kwake yeye saa 2:00 haikuwahi kufika, kwa hiyo siku hiyo hakumbushwi kabisa. Kikumbusho kilichokuja mara mbili mtu atakipigia simu. Kisichokuja nani atakilalamikia?

Tuanze na kinachowekwa kwenye wasifu. Waandishi wengi wa programu huhifadhi tofauti ya saa, yaani `+03:00`, wakidhani wamemaliza. Tofauti hiyo ni jibu la leo tu. Sudan Kusini ilikuwa kwenye `+03:00` kama sisi hadi tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Aliyekuwa amehifadhi `+03:00` kwa watu wa Juba alibaki na namba iliyopitwa na wakati, na hakuwa na njia ya kujua ni nani kati ya watumiaji wake yuko Juba na nani yuko Nairobi. Aliyehifadhi jina `Africa/Juba` alihitaji tu kusasisha orodha ya kanda za saa kwenye seva yake. Jina hubeba historia ya mahali pamoja na mabadiliko yajayo. Jina la nchi nalo halitoshi: Kinshasa na Lubumbashi ziko nchi moja, lakini hazisomi saa moja.

Kwenye kivinjari jina hilo linapatikana kwa mstari mmoja:

```js
Intl.DateTimeFormat().resolvedOptions().timeZone
```

Kosa letu halikuwa hapo, jina tulikuwa nalo. Tulichanganya mambo mawili: mtu anaishi wapi, na simu yake iko wapi sasa hivi. La kwanza ni uamuzi wa mtu mwenyewe, na programu haina ruhusa ya kulibadilisha kimyakimya. La pili ni taarifa ya kupita. Kwa hiyo sasa wasifu wetu una safu tatu:

```sql
eneo_nyumbani  text NOT NULL,  -- Africa/Dar_es_Salaam
eneo_safarini  text,           -- Africa/Lusaka, au NULL
eneo_tangu     timestamptz
```

Simu ikileta jina jipya, hatulikimbilii. Mpakani simu inaweza kurukaruka kati ya minara ya pande mbili, na lori linaweza kulala foleni hapo. Tunasubiri jina lile litulie kwa saa kadhaa, ndipo tunauliza: "Simu yako sasa inasoma saa za Lusaka. Tukukumbushe kwa saa za huko?" Akikubali, `eneo_safarini` linajazwa. Simu ikirudi nyumbani na kutulia, safu hiyo inafutwa bila kumsumbua mtu.

Lakini si kila jina jipya linastahili swali. Baba akitoka Zambia kuingia Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, jina linabadilika kutoka `Africa/Lusaka` kwenda `Africa/Lubumbashi`, ila mshale wa saa hausogei hata dakika. Namanga ni vilevile: Dar na Nairobi zinasoma saa moja. Tena katika orodha ya kimataifa `Africa/Dar_es_Salaam` ni jina la pili tu la `Africa/Nairobi`, hivyo kuna programu zitakazokuambia mtu yuko Nairobi naye hajatoka Kariakoo. Kwa hiyo tunalinganisha saa ambazo majina hayo mawili yanatoa, leo na miezi michache ijayo. Zikilingana, tunanyamaza.

Hayo yote hayazuii kikumbusho kuja mara mbili, maana mtu anaweza kukubali saa mpya dakika chache baada ya kukumbushwa kwa ile ya zamani. Dawa yake ilikuwa kuacha kuvizia saa 2:00 kamili. Sasa seva inauliza maswali mawili: je, alipo mtu huyu saa 2 asubuhi imeshapita? Na je, kwa tarehe ya huko, leo ameshakumbushwa?

```sql
WHERE saa_ya_alipo >= '08:00'
  AND saa_ya_alipo <  '12:00'
  AND tarehe_iliyotumwa < tarehe_ya_alipo
```

Nakonde kikumbusho cha pili hakiji, kwa sababu tarehe imeshaandikwa. Kwenye safari ya kurudi, seva ikirudi kwenye saa za nyumbani na kuona saa 2 imepita na mtu hajakumbushwa, inatuma papo hapo. Kikomo cha adhuhuri tumekiweka ili mtu asiambiwe jioni anywe dawa ya asubuhi. Kanuni hii inafaa kwa kuruka saa moja au mbili. Anayetoka Dar kwenda Toronto anasogea saa 7 au 8 kutegemea majira, na namna ya kusogeza dozi yake ni kazi ya mfamasia. Hapo programu inamwambia hivyo na kungoja jibu.

Wala si kila kikumbusho kinamfuata msafiri. Kikao cha kikoba kinachofanyika Dar saa 2 usiku ni cha Dar, hata kama mweka hazina yuko London: kwake ni saa 11 jioni wakati wa baridi na saa 12 jioni wakati wa kiangazi. Ndiyo maana kila kikumbusho sasa kina eneo lake, ama la mahali maalumu, ama neno linalosema "popote alipo mtumiaji".

Kuna kundi moja bado linatutoa jasho. Wako madereva wanaozima saa ya mtandao na kuisogeza kwa vidole. Simu inasema iko `Africa/Lusaka`, kioo kinasoma saa ya Tanzania, na kwa mashine ni simu ya Lusaka iliyotangulia kwa saa nzima. Tunawagundua kwa kulinganisha UTC ya simu na ya seva: tofauti ikikaribia sekunde 3,600, hiyo haina hitilafu, imesogezwa. Baba alikuwa mmoja wao kwa muda. Nilipomuuliza sababu, akasema mama watoto humpigia kila siku saa 3 usiku, naye hapendi kupiga hesabu akiwa barabarani.