Umefika: Mimi au Mzigo?

Mafundi cherehani wawili, mashoga wa siku nyingi. Mmoja yuko Kariakoo amefuata bidhaa, mwenzake kabaki dukani Morogoro. Mazungumzo yao nimeyatunga mimi, ila mwenye simu atayatambua:

— Umefika
— Nani, mimi? Mbona nipo dukani tangu asubuhi.
— Mzigo mwaya. Konda kanipigia
— Wa vitambaa au wa zipu?
— Vitambaa
— Uko Msamvu?
— Ee. Unadaiwa
— Nadaiwa mimi au mzigo?
— Mzigo. Elfu tano
— Si ulisema umelipia huko huko?
— Nililipia ule wa zipu

Huyu wa Kariakoo hajakosea sarufi hata mara moja. "Umefika" ni sentensi kamili, na hapo ndipo tabu inapoanzia. Kiswahili kinaruhusu kumwacha mtenda nje kwa sababu kiambishi cha mwanzo wa kitenzi kinamwakilisha. Lakini u- ya "wewe" na u- ya "mzigo" zinafanana kwa sura. Angetuma kifurushi angeandika "kimefika", na asingeulizwa mimi au nini. Ingekuwa cherehani, "imefika" ingemwacha mwenzake akijiuliza kama ni mashine moja au mizigo kadhaa, maana i- nayo inabeba yote mawili.

Halafu kuna sauti. Tukikutana barabarani nikakwambia "umefika", utajua kwa mkunjo wa sauti tu kama nauliza au natoa habari. Maneno yenyewe hayabadiliki. Kwenye simu kazi hiyo ya sauti imeachiwa alama ya kuuliza, na anayeandika huku kashika mabunda ya vitambaa hana muda wa kuitafuta. Kwa hiyo fundi wa Morogoro alipokea herufi saba ambazo zingeweza kuwa swali kuhusu yeye au taarifa ya mzigo.

Zamani ujumbe mfupi ulikuwa na mwisho wake: herufi 160, na kila ujumbe una bei. Mtu aliminya salamu, habari na jina lake humo humo ili asilipe mara mbili. Siku hizi, kwa aliyejiunga na bando, kutuma vipande vitano hakumgharimu zaidi ya kutuma kimoja, basi mtu hufikiri huku anabonyeza. Gharama haikupotea lakini. Imehamia kwa anayepokea, ambaye sasa ndiye anayeunganisha.

Namna ya kuunganisha ina utaratibu, na wataalamu wa mazungumzo wameuchunguza kwa makini. Mwaka 1977 Wamarekani watatu, Emanuel Schegloff, Gail Jefferson na Harvey Sacks, walionyesha kwamba maneno yakiharibika, aliyeyasema ndiye hupewa nafasi ya kwanza ya kuyatengeneza. Msikilizaji husubiri kidogo, na asipoona marekebisho huuliza. Kwenye simu kusubiri huko tunakuona kwa macho: alama ikionyesha mwenzako bado anaandika, unaacha kwanza. Ikizimika na hakuna kilichoingia, zamu ni yako.

Mwaka 2015 Mark Dingemanse na wenzake walichapisha utafiti wa lugha 12 kutoka mabara mbalimbali, wakisikiliza mazungumzo ya kawaida ya majumbani na mitaani. Walikuta maswali ya namna hii yanatokea kwa wastani kila baada ya dakika moja na nusu hivi, na kote yanaangukia makundi matatu. La kwanza ni swali la jumla, "Eh?", ambalo halimwambii mwenzako kilichopotea ni kipi. La pili linashika kipande kimoja: "Nani?", "Wapi?". La tatu linaleta jibu mkononi na kuomba lithibitishwe tu: "Uko Msamvu?" Watu wa lugha zote hizo walielekea kuchagua swali mahususi kadiri walivyoweza. Sababu ni ya kiungwana. "Eh?" inamrudishia msemaji kazi yote, wakati "Uko Msamvu?" inamwachia kusema "ee" tu.

Mtazame tena fundi wa Morogoro. Hakujibu "Sijaelewa", jibu ambalo lingemfanya shoga yake aanze upya, pengine kwa kununa. "Wa vitambaa au wa zipu?" ni swali la mtu anayekumbuka mizigo iliyoagizwa ni miwili. "Nadaiwa mimi au mzigo?" linaweka mezani maana zote mbili za u- ili mwenzake aokote moja. Kuuliza vizuri kunataka ujue mengi kuhusu anayekuandikia, ndiyo maana rafiki huuliza vizuri kuliko karani.

Kuna kupitiliza pia. Mwanasosholojia Harold Garfinkel, katika kitabu chake cha 1967, alieleza jinsi alivyowatuma wanafunzi wake wawadai jamaa na marafiki wafafanue kila walichosema. Mtu akieleza kuwa gari lake lilipata pancha, mwanafunzi anauliza ana maana gani kusema lilipata pancha. Walioulizwa walishangaa, kisha wakakasirika. Nadhani walikuwa na haki. Anayeuliza jambo analoweza kulijaza mwenyewe anamwambia rafiki yake kwamba hawajuani.

Sasa, tabia hii ya kujaziana ina watu wanaoiwinda. Watanzania wengi wamewahi kupokea ujumbe unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii, na jina litakalotokea litajwe. Hela ipi haisemwi. Nani anaidai haisemwi. Tapeli hajui lolote kuhusu wewe. Ametuma nusu ya ujumbe kwa watu wengi, akijua kwamba miongoni mwao yupo aliyeahidi kodi kwa mwenye nyumba wiki hii, au ada ya mtoto, na huyo ataimalizia nusu iliyobaki mwenyewe. Neno "ile" ndilo linalofanya kazi hapo, kwa sababu ni neno la watu waliokwisha kuzungumza.

Hapa ustadi wa fundi wa Morogoro unageuka hatari. Akiuliza kirafiki, "Ile ya kodi, baba?", ameshampa tapeli jibu, na tapeli atasema ndiyo, simu yangu ina matatizo. Hata "Wewe ni nani, mzee wa kodi?" ni zawadi. Kwa namba usiyoijua, swali linalofaa ni lile ambalo kwa rafiki lingekuwa la kivivu: "Hela ipi?" Halina jina ndani yake, halina kiasi wala sababu. Mwenye nyumba halisi atajibu bila shida, tena pengine kwa ukali kidogo: ya chumba cha nyuma, ya miezi mitatu. Asiyejua atazungukazunguka, ataharakisha, au atanyamaza.

Akijibu kwa kubahatisha, "ya kodi", bado haijatosha, kwani wapangaji ni wengi na bahati nasibu hiyo hushinda mara kwa mara. Hapo mpigie mwenye nyumba kwa namba yake uliyoihifadhi zamani, siyo ile iliyoleta ujumbe, umuulize kama amebadili laini. Ukigundua hakuandika yeye, ujumbe ule na namba iliyoutuma hupelekwa 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu nchini Tanzania.