Flagyl, Bia na Onyo la Dirishani

Kijibahasha cheupe cha dawa kinateleza juu ya kaunta, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: Metro 2x3, siku 5. Vidonge viwili vya miligramu 200, mara tatu kwa siku. Muuzaji anaongeza maneno ambayo ameyasema mara nyingi hata hayafikirii tena: "Na usiguse pombe." Mteja anaitikia kwa kichwa, lakini leo ni Alhamisi na Jumamosi kuna harusi ya mdogo wake. Akiwa njiani kurudi nyumbani ameshapata suluhisho lake. Jumamosi atapumzisha dawa, Jumapili ataendelea.

Metronidazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, ni miongoni mwa dawa zinazotolewa sana katika maduka ya dawa ya Afrika Mashariki. Inatibu kuhara damu kwa amiba, giardia, trikomona, na maambukizi ya bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, kama yale ya fizi na ya ukeni. Takriban kila anayeijua anajua pia kwamba haiendi na pombe. Wanaosimulia yaliyowapata hutaja mambo yanayofanana: uso kuwaka moto, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, jasho, kichefuchefu, kisha kutapika. Onyo hilo lilianzia wapi, na lina uzito gani?

Chimbuko lake ni dawa nyingine kabisa. Jijini Kopenhageni, katika miaka ya 1940, watafiti wawili wa Denmaki, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wakichunguza kama kemikali iitwayo disulfiramu ingefaa kutibu minyoo. Walimeza kidogo wao wenyewe ili waone kama ina madhara. Hawakuona lolote, mpaka walipokunywa kileo. Hapo wakaugua vibaya, wakabaini kisa ni ile dawa, na mwaka 1948 wakatangaza matokeo yao. Disulfiramu ikawa dawa ya kuwasaidia walevi waache pombe, ikauzwa kwa jina la Antabusi.

Inavyofanya kazi inaeleweka vizuri. Pombe ikifika kwenye ini hubadilishwa kwa hatua mbili. Kwanza inageuzwa kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, halafu kimeng'enya cha pili kinaigeuza haraka asetaldehidi hiyo kuwa asetati isiyo na madhara. Disulfiramu inakizuia kimeng'enya cha pili. Asetaldehidi inajaa katika damu, mishipa inatanuka, uso unakuwa mwekundu au wa moto, moyo unakimbia na tumbo linageuka. Kwa kawaida hali hiyo huanza dakika kumi hadi thelathini tu baada ya kunywa, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo inaweza kuua.

Metronidazoli iliingizwa kwenye kundi hilo kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1964 daktari mmoja wa Marekani, J. Taylor, aliandika kuhusu mgonjwa wake, mwanamke mnywaji sana aliyekuwa akitibiwa trikomona, ambaye alimweleza kwamba tangu aanze dawa hamu ya pombe imempungua. Wazo likavutia: huenda hii ni Antabusi nyingine! Katika miaka iliyofuata madaktari mbalimbali waliwapa walevi metronidazoli wakitarajia waache kunywa. Majaribio yaliyopangwa vizuri zaidi hayakuonyesha faida ya maana, na wazo la tiba likafifia. Onyo halikufifia. Lilikwisha kuingia katika vitabu vya dawa na vikaratasi vya ndani ya boksi, na kila kitabu kipya kikanakili cha zamani.

Jaribio lililotikisa imani hiyo lilifanyika Finlandi na kuchapishwa mwaka 2002. Wanaume kumi na wawili wenye afya waligawanywa kwa siri. Nusu walimeza metronidazoli kwa siku tano, nusu vidonge visivyo na dawa, na si wao wala waliowapima waliojua nani amepewa nini. Kisha wote wakanyweshwa pombe, gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 28, chini kidogo ya bia moja na nusu za nusu lita zenye nguvu ya asilimia 5. Kwa saa kadhaa walipimwa damu, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na joto la ngozi, wakaulizwa wanajisikiaje.

Tofauti haikuonekana. Asetaldehidi haikupanda katika damu ya waliomeza dawa, na dalili zao hazikuzidi za wenzao.

Kwa haki, jaribio hilo lina mipaka yake. Watu kumi na wawili ni wachache, walikuwa wanaume wazima wa afya, na pombe yenyewe ilikuwa ya kistaarabu. Halisemi kitu kuhusu mtu anayekesha na gongo, wala kuhusu mgonjwa wa ini. Hata hivyo, limepima kile ambacho ripoti za zamani zilikuwa zinakidhani tu, yaani asetaldehidi kwenye damu. Miaka miwili kabla yake, mapitio ya ripoti za wagonjwa mmoja mmoja yalikuwa yameonyesha udhaifu uleule: waandishi walichukulia kwamba mwingiliano upo, kisha wakautumia kueleza kila walichokiona.

Basi wanaoapa kwamba waliugua wanasema uongo? Hapana. Kuugua waliugua, swali ni nini kiliwaugua. Metronidazoli peke yake, bila tone la pombe, huleta kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni, maumivu ya kichwa na kukosa hamu ya kula. Dozi ya trikomona ambayo wengine hupewa kumeza kwa mkupuo ni gramu 2, yaani vidonge kumi vya miligramu 200 kwa wakati mmoja. Mtu aliyemeza kumi, halafu akaongeza bia tatu tumboni bila chakula, hahitaji kemia ya Kopenhageni ili atapike. Pombe nayo ina mambo yake, na anayeumwa tumbo kwa amiba huenda kwenye glasi akiwa tayari amepungukiwa maji. Yupo pia uwezekano kwamba kitu fulani kinatokea ndani ya utumbo: katika panya, metronidazoli ilibadili aina za bakteria wa utumbo mpana na asetaldehidi ikaongezeka humo humo, bila kupanda kwenye damu. Kama hilo linawatokea binadamu kiasi cha kuwaumiza tumbo, bado halijathibitishwa.

Njia nzuri ya kutofautisha ni saa. Kichefuchefu cha dawa huja hata siku ambayo mtu hakunywa, mara nyingi muda mfupi baada ya kumeza. Mning'inio wa pombe huja asubuhi. Kinachofanana na Antabusi huanza ndani ya nusu saa ya kunywa, na alama yake kubwa ni uso na shingo kuwaka pamoja na moyo kwenda mbio. Vipele vinavyowasha, midomo kuvimba au pumzi kubana ni mzio, na hapo huwa ni dawa yenyewe hata kama pombe ilikuwapo. Kuzirai, maumivu ya kifua au kushindwa kupumua si vya kusubiri kukuche; ni vya hospitali usiku huohuo.

Wataalamu wenyewe wamegawanyika. Mwongozo wa mwaka 2021 wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kuhusu magonjwa ya ngono unasema wazi kwamba hakuna ulazima wa kuacha pombe kwa ajili ya metronidazoli au tinidazoli. Huduma ya afya ya Uingereza bado inawaambia wagonjwa wasinywe wakiwa kwenye metronidazoli, wala siku mbili baada ya kumaliza. Kwa tinidazoli maelezo ya kwenye boksi hutaja siku tatu.

Siku hizo zinaeleweka ukizipigia hesabu. Kiasi cha metronidazoli mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa nane hivi. Aliyemeza kidonge cha mwisho Ijumaa saa nne usiku, kufika Jumapili saa nne usiku dawa imepungua kwa nusu mara sita, na kilichobaki ni kama asilimia 1.5 tu. Tinidazoli hukaa zaidi, nusu yake ikiwa ni kati ya saa 12 na 14, ndiyo maana inaongezewa siku. Ini likiwa na ugonjwa mkubwa, dawa hutoka polepole kuliko hivyo.

Sasa turudi kwa bwana harusi mdogo na kaka yake. Mpango wa kupumzisha dawa Jumamosi ndio mbaya kuliko yote. Alianza Alhamisi jioni. Akiruka Jumamosi nzima atakuwa amekosa dozi tatu kati ya kumi na tano, tena katikati ya tiba, wakati amiba zimepungua lakini hazijaisha. Tena hata akili yake ya kujikinga haikupiga hesabu: dozi ya Ijumaa usiku, saa ishirini baadaye anapofungua bia ya kwanza, bado ipo karibu moja ya sita. Kwa hiyo amekosa dawa na pombe ameichanganya nayo vilevile. Angemwambia muuzaji kuhusu harusi, angeweza kupewa jibu la maana: maliza dozi, kunywa soda, au ukishindwa kabisa basi chupa moja na chakula, ila dozi usiruke. Maonyo makali yasiyoelezwa yana gharama hii, na mwandishi huyu anadhani haihesabiwi vya kutosha. Aliye na trikomona akiruka dozi, anaweza kumwambukiza tena mwenza wake ambaye amekwisha kutibiwa.

Zipo antibiotiki ambazo tuhuma zina mashiko. Sefotetani na sefoperazoni, sindano za hospitalini, zina kipande cha kemikali pembeni mwa molekuli yake ambacho kinazuia kile kimeng'enya cha pili, sawa na disulfiramu. Hapo pombe inaachwa kweli, na siku kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Amoksilini haina kipande hicho.

Na yupo mtu mmoja ambaye metronidazoli ni hatari kwake hata asipokunywa kabisa: anayetumia Antabusi ili aache pombe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 imejulikana kwamba dawa hizo mbili zikikutana mtu anaweza kuchanganyikiwa, akaona na kusikia visivyokuwapo. Asipewe metronidazoli mpaka zipite wiki mbili tangu ameze disulfiramu ya mwisho. Wengi wao hawapendi kuitaja tiba hiyo mbele ya foleni, kwa hiyo ni muuzaji anayepaswa kuuliza, kwa sauti ya chini, kabla ya kuandika 2x3.