Wosia Umefungiwa Wapi, na Nani Anajua?

Tuseme mzee mmoja wa Tabata amefariki. Wanawe wanajua kuwa aliandika wosia, maana alikuwa akilitaja jambo hilo kila Krismasi. Baada ya kuanua tanga wanapekua kabati, chini ya godoro, hadi ndani ya Biblia. Hawaoni kitu. Wosia umo kwenye sanduku alilokodi benki, na benki haitawafungulia mpaka waje na barua ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi. Jina la msimamizi huyo limeandikwa ndani ya wosia, na wosia umefungiwa ndani ya sanduku.

Kuuweka nyumbani nako kuna hatari zake. Moto na mchwa tunavijua, lakini mwenye kutisha zaidi ni ndugu aliyeusoma akakuta jina lake halimo. Nakala ya fotokopi haizibi pengo hilo kirahisi, kwa sababu mahakama hutaka karatasi yenyewe yenye saini za wino. Tena ikithibitika kwamba mara ya mwisho ilikuwa mikononi mwa marehemu na sasa haionekani, inaweza kudhaniwa kuwa aliichana mwenyewe kwa kubadili nia.

Ndiyo maana wengi hupeleka wosia kwa wakili, au RITA, wakala wa serikali anayeandika na kuhifadhi wosia kwa malipo. Si lazima kisheria. Wosia uliosainiwa na kushuhudiwa ipasavyo ni halali hata ukikaa kwenye bahasha sebuleni, na ule wenye kasoro ya mashahidi hauponi kwa kupelekwa RITA. Faida ya kuupeleka ni kwamba hakuna mwanafamilia anayeweza kuuficha, wala kubadilisha ukurasa.

Ila masijala haihudhurii misiba. RITA hawatajua kuwa umefariki mpaka mtu awaambie, na wakili naye huhama ofisi, au hutangulia yeye. Kwa hiyo mzee wetu angemwita yule aliyemteua kuwa msimamizi, amwambie wosia uko wapi, kisha ampe nakala ya stakabadhi. Mtu wa pili, ikiwezekana asiye mrithi, angepewa habari hiyo hiyo. Yaliyomo si lazima wayajue. Mimi ningemweleza msimamizi japo kwa ufupi, kwani wapo wanaokataa kazi hiyo, na ni afadhali akatae ungali hai uteue mwingine.

Mwenye wosia akiandika mpya, aufuate wa zamani huko uliko na kuweka mpya mahali pake, kisha awape wale wawili stakabadhi mpya. Na asiibanue pini ya kurasa ili kutoa fotokopi. Matundu yasiyolingana yatamfanya hakimu aulize kama kuna ukurasa uliochomolewa, na wa kujibu atakuwa ameshazikwa.