Barua kwa daktari aliyekupasua

Baada ya kliniki ya mwisho, daktari wa upasuaji mara nyingi hapati tena habari za mgonjwa wake. Habari hiyo ndiyo shukrani yenyewe. Aliyetolewa mtoto wa jicho anaweza kuandika hivi:

“Mpendwa Daktari, mwezi Machi ulinifanyia upasuaji wa jicho la kulia. Sasa natunga uzi kwenye sindano mwenyewe, jambo lililokuwa limenishinda. Nakushukuru sana, pamoja na muuguzi aliyenishika mkono muda wote. Wako, mama mshonaji.”

Inatosha. Kumwita “kaka” au kumwomba namba ya simu kungemweka pabaya. Na jicho likianza kuuma au kuona ukungu, usimwandikie barua. Nenda kliniki siku hiyohiyo.