Nondo Zikae Upande wa Udongo

Kiwanja kilikuwa Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko. Mwenye nyumba alikuwa amechonga kilima apate uwanja tambarare, na nyuma ya uwanja ule udongo ulisimama wima mita 3. Nilipofika, mafundi walikuwa wameshasuka nondo za ukuta wa kuzuia udongo na walikuwa wakisubiri saruji. Nondo za milimita 12 zilisimama kwa mpangilio mzuri, zimefungwa kwa waya imara. Tatizo ni kwamba zote zilikuwa upande wa mbele, upande wa nyumba.

"Fundi, mbona nondo zimekuja huku?" nikauliza.

"Injinia, ukuta ukianguka utakuja huku. Sasa nondo tumeziweka huku zimzuie."

Jibu lile nimelisikia kwenye viwanja vingi, na linaonekana lina akili. Lakini nondo haifanyi kazi kama nguzo ya kuegemezea. Inafanya kazi kama kamba, yaani huzuia kitu kisivutwe kikaachana.

Zege lina tabia ya chaki. Ukiibana chaki kati ya vidole viwili, ncha kwa ncha, haivunjiki kirahisi. Ukiipinda, inakatika papo hapo, na mpasuko huanzia upande unaotanuka. Zege nalo huhimili sana kubanwa, ila likivutwa ni dhaifu. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ile ya kuhimili kubanwa. Kazi ya nondo ni kukaa pale panapovutwa. Swali la kujiuliza, basi, ni upande gani wa ukuta unatanuka.

Ukuta wa aina hii una umbo la herufi L, au T iliyopinduliwa. Chini kuna jamvi nene lililozikwa ardhini, na juu yake unasimama ukuta wa wima ulioshikwa chini tu, huku juu ukiwa huru. Udongo ulio nyuma unausukuma mbele. Ukuta unapoinama kidogo kuelekea nyumbani, uso wa mbele unabanwa na uso wa nyuma, ule unaogusana na udongo, unatanuka. Mpasuko wa kwanza utatokea nyuma, kwenye maungio ya ukuta na jamvi, mahali ambapo hakuna jicho litakaloliona baada ya kufukia. Ndiyo maana nondo kuu za wima hukaa upande wa udongo.

Tulikaa na fundi juu ya rundo la kokoto tukapiga hesabu. Mita moja ya ujazo ya udongo wa pale tuliichukulia kuwa na uzito wa tani 1.8. Udongo wa kichanga uliokauka husukuma pembeni kwa takriban theluthi moja ya nguvu unayolemea chini. Kwa kimo cha mita 3, kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa na nguvu sawa na uzito wa tani 2.7, na nguvu hiyo inakaa theluthi ya kimo kutoka chini, yaani mita 1 juu ya jamvi. Nguvu ya kuupinda ukuta huongezeka haraka kuliko kimo chake: ukuta wa mita 3 hupindwa mara nane ya ukuta wa mita moja na nusu. Anayeongeza kimo kwa kukisia, akitumia nondo zilezile, hajui anachokibeba.

Kwa ukuta wetu wenye unene wa sentimita 25 pale chini, nondo za milimita 12 zilizopangwa kila sentimita 15 zilitosha, na akiba ikabaki. Lakini zilitosha kwa sharti kwamba ziko nyuma, zikiwa zimefunikwa na zege la sentimita 5. Nondo hizohizo zikiwekwa katikati ya ukuta, karibu theluthi ya nguvu inapotea. Zikiwekwa mbele, kama zilivyokuwa siku ile, zinakaa mle mle mnamobanwa na hazimsaidii mtu.

Jamvi nalo lina siri yake. La kwetu lilikuwa na upana wa mita 2: sentimita 50 zinatokeza mbele ya ukuta, tuuite upande wa vidole, na mita 1.25 zinaingia nyuma chini ya udongo, tuuite kisigino. Watu wengi hutaka kupunguza kisigino kwa sababu kuchimba ndani ya kilima ni gharama. Wanasahau kwamba udongo unaokalia kisigino ndio unaoshikilia ukuta. Kwenye hesabu yetu, udongo ule ulikuwa na uzito wa karibu tani 7 kwa kila mita, wakati zege lote, ukuta na jamvi, halikufika tani 3 na nusu. Ukikata kisigino, umeondoa mzigo uliokuwa unakusaidia, na ukuta unaweza kuteleza au kupinduka ukiwa mzima, bila ufa wowote.

Kisigino kinalemewa kutoka juu, hivyo kinatanuka juu, na nondo zake kuu hukaa juu. Vidole vinasukumwa na ardhi kutoka chini, hivyo nondo zao hukaa chini. Nondo za nyuma ya ukuta hushuka hadi chini ya jamvi, kisha hukunjwa kuelekea vidoleni, na hapo zinafanya kazi zote mbili. Pale zinapounganishwa na nondo za juu, zipishane angalau sentimita 60. Fundi akacheka kidogo akasema, "Kumbe nondo moja inazunguka kila mahali panapovutwa." Ndivyo.

Bahati nzuri jamvi lilikuwa bado halijamwagwa. Kufungua na kusuka upya kulichukua siku moja.

Zege tulichanganya saruji kipimo 1, mchanga 1 na nusu, kokoto 3, na maji yasiyozidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Vibarua walitaka kuongeza maji ili zege lishuke kirahisi kati ya nondo. Nikawaomba watumie vaibreta badala yake, maana maji ya ziada hukauka na kuacha matundu. Uso wa jamvi, pale ukuta utakapoota, tuliukwaruza na kuuosha, kwa kuwa maungio hayo ndiyo yanayobeba mpindo mkubwa kuliko popote.

Kilichobaki ni maji, na hapa kuta nyingi zilizosukwa vizuri huanguka. Nyuma ya ukuta kukijaa maji hadi juu, msukumo wa tani 2.7 unakuwa karibu tani 6, na nondo zetu zisingeweza. Tulipitisha mabomba ya milimita 75 ukutani kila mita moja na nusu, tukaweka safu ya kokoto nyuma yake, na hatukufukia mpaka zege lilipotimiza siku 28.

Ukiwa na ukuta kama huu nyumbani, utazame wakati wa masika. Mabomba yakitoa maji, ni salama. Yakiwa makavu huku ukuta umelowa, yameziba, yazibue. Shusha timazi kutoka juu mara moja kila mwaka na uandike kipimo. Kikiongezeka mwaka hadi mwaka, ondoa watu chini ya ukuta na umwite mhandisi.

Na kama unajenga sasa, kabla zege halijamwagwa nenda kasimame upande wa kilima. Usipoziona nondo kuu karibu yako, simamisha kazi.